Chupa Iliyobaki Kabatini
Mwanangu wa miaka 3 alishikwa na homa na kikohozi usiku. Nikakumbuka amoksilini ya kaka yake, nusu chupa tangu mwezi uliopita, unga umegandamana chini. Nikaitikisa, nikampa kijiko. Kesho yake akaanza kuharisha, na homa iko palepale.

Kliniki, daktari aliigeuza ile chupa mkononi. "Mama, dawa hii ikishachanganywa na maji haikai zaidi ya siku 14. Halafu mtoto ana mafua ya virusi. Antibayotiki haiui virusi, inawazoesha bakteria dawa tu."

Akauliza ilibakije. Nikakiri: kaka yake alipopata nafuu siku ya tatu, nilimkatizia dozi. Hapo ndipo niliumia hasa. Nikamwachia chupa, nikarudi na pakiti za chumvichumvi na vidonge vya zinki.