Karibu Kasubi: maneno ya kusikiliza ukitembelea nyumba ya makabaka, wafalme wa Buganda nchini Uganda

(Kituo cha 1. Langoni. Msimulizi asome taratibu, kama anayemwamkia mgeni.)

Karibu sana. Kama umepanda kilima hiki kwa bodaboda, jipanguse vumbi kwanza, hatuna haraka.

Nyumba hii ya mlangoni inaitwa Bujjabukula. Tazama ukuta wake wa matete. Usione kimya ukadhani hakuna mtu: desturi ni kwamba walinzi wakae nyuma ya matete hayo, wakuone kabla hujawaona. Kwa hiyo piga hodi. Ukishaitikiwa, pita.

(Nyayo kwenye changarawe, sekunde nne.)

(Kituo cha 2. Uani.)

Simama hapo hapo. Usisogee bado.

Ile unayoiona mbele ni Muzibu Azaala Mpanga. Kwa mbali utadhani ni kichuguu kikubwa cha nyasi, maana paa limeshuka mpaka karibu liguse ardhi. Upana wake ni kama meta 31, kimo meta 7 na nusu. Kabaka Muteesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882. Aliijenga iwe ikulu, aishi humo. Mwaka 1884 akaaga dunia, akalazwa humo humo.

Nyumba ndogo zinazozunguka ua zina wenyewe. Ukimwona mama ameanika mihogo, hicho ni chakula chake, si maonyesho. Msalimie. Picha, mpaka akubali.

(Kituo cha 3. Mlangoni, kisha ndani.)

Vua viatu. Inama kidogo, paa liko chini. Ingia, ukae kwenye mkeka. Akina mama na akina dada, hapa mtu hukaa amekunja miguu upande mmoja.

(Kimya, sekunde sita. Macho yazoee giza.)

Sasa inua uso. Unaziona pete zile zilizosukwa, moja juu ya nyingine, zinazidi kuwa ndogo kuelekea kileleni? Ni 52, nazo ni koo za Buganda. Kila Muganda aliyeketi hapo ulipoketi ana pete yake juu ya kichwa. Hata kuezeka ni kazi ya ukoo: nyasi ni za watu wa Ngeye, mwingine hazigusi.

Paa hili si lile la mwaka 1882. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliteketea. Nyasi kavu na magome, unajua mwenyewe moto unavyovipenda. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na wapo waliochoka kusubiri. Lakini ufundi wa kusuka pete huwezi kuuagiza dukani. Lazima apatikane mzee anayejua na kijana aliye tayari kuketi naye. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

(Sauti ya nyundo za mbao, tok, tok-tok, kisha ififie.)

Hizo ni nyundo za lubugo, kitambaa cha gome. Gome huchunwa kwenye mti wa mutuba, likachemshwa, likagongwa na nyundo zenye mifereji mpaka linapanuka na kulainika. Mti ulioachwa uchi hufungwa majani ya migomba kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi, gome linaota tena. Pazia refu la kahawia lililo mbele yako ni lubugo.

(Kituo cha 4. Mbele ya pazia. Sauti ishuke.)

Nyuma ya pazia hatuendi. Huko kunaitwa Kibira, msitu. Waganda hawasemi Kabaka amekufa. Husema amepotelea msituni. Nakuomba nawe, ukiwa humu, lile neno jingine uliache na viatu vyako.

Zamani kila Kabaka alikuwa na nyumba yake ya kupumzikia. Hapa wako wanne pamoja: Muteesa, mwanawe Mwanga, mjukuu wake Daudi Chwa, na kitukuu, Edward Muteesa wa Pili. Wawili kati yao walirudi kutoka mbali. Mwanga alipelekwa uhamishoni na Waingereza, akaaga dunia Shelisheli mwaka 1903. Alirudishwa nyumbani 1910. Muteesa wa Pili, aliyekuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, alifia…

(Msimulizi akatize, acheke kidogo.)

Unaona? Hata mimi ulimi umeniponyoka. Alipotelea London mwaka 1969, akarejeshwa 1971.

(Ngoma moja, mbali.)

Kaa kadiri utakavyo. Ukiwa tayari, inuka polepole, uchunge paa usigonge kichwa. Viatu viko kulia. Kifaa hiki mrudishie kijana wa langoni, na kama betri inakaribia kuisha, mwambie, mgeni anayefuata asije akakwama kwenye pete ya 30.

Weraba. Kwaheri.