Bambo kabla ya kipimo: maoni kwa Mwenyekiti kuhusu sumukuvu kwenye mahindi

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo. Nimesoma kwa makini pendekezo lako kwamba kila ghala la soko liwe na kipimo cha haraka cha sumukuvu, na ninaliunga mkono. Mimi ni msimamizi wa ubora wa nafaka katika ghala moja wilayani Kongwa, na ninachoomba kuongeza ni kwamba fedha za vipimo hivyo zitapotea bure iwapo hatutatenga kwanza fedha na muda wa kuchukua sampuli ipasavyo, kwa sababu kipimo husema ukweli wa unga uliowekwa ndani yake tu, si wa mzigo mzima.

Sumukuvu haijitawanyi kwenye mahindi kama maji yanavyolowanisha nguo. Kuvu hushambulia punje chache zilizotobolewa na wadudu, zilizopasuka wakati wa kupura, au zilizotoka kwenye mahindi yaliyopigwa na ukame yakiwa bado shambani, huku punje za jirani zikibaki salama kabisa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na 5 kwa ile aina ya B1 iliyo kali kuliko zote. Sasa tuchukue kilo 3 za mahindi, ambazo ni takriban punje 10,000. Punje moja tu yenye mikrogramu 100,000 kwa kilo, na punje za namna hiyo zipo, inatosha kuzifikisha kilo hizo 3 kwenye ukomo wa 10 hata kama nyingine zote ni safi. Mpimaji akichota gramu 50 za mahindi mazima kutoka kwenye kilo hizo, nafasi yake ya kuipata punje hiyo ni moja kati ya 60. Mara nyingi atapata majibu mazuri, atie sahihi, na mzigo uondoke. Mara chache ataipata, na mzigo uleule utaonekana ni sumu tupu. Hapo mfanyabiashara atasema kipimo ni kibovu, ilhali kipimo hakina kosa lolote.

Ndiyo maana naomba pendekezo lako liongezewe mambo mawili. La kwanza ni mashine ya kusaga, ili sampuli yote isagwe iwe unga laini na kuchanganywa vizuri kabla ya kuchota kile kiasi kidogo cha kupimwa. La pili ni utaratibu wa kutumia bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa sampuli. Lori likishajaa, bambo hufika kwenye magunia ya juu na ya pembeni tu, na yale ya katikati, ambayo mara nyingi ndiyo yaliyofunikwa yakiwa na joto na unyevu, hayaguswi. Kwetu huwa tunasimama mlangoni wakati makuli wanashusha, tunachoma kila gunia la tano juu, katikati na chini, na kinachotoka kinaingia kwenye ndoo moja yenye jina la mzigo huo. Kazi inachelewa kidogo, lakini kila ninapolinganisha majibu ya marudio ya sampuli za namna hii, yanakaribiana kuliko ya sampuli zilizochotwa juu ya lori. Kanuni za Umoja wa Ulaya zenyewe hudai vijisampuli 100, vyenye jumla ya kilo 10, kwa shehena ya nafaka inayofikia tani 50 na kuendelea. Sisemi soko letu lifikie hapo mwaka huu, ila tujue tulipo.

Jambo hili si la maabara peke yake. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani nchini Kenya waliugua watu 317 na kufariki 125, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara nasi tulizika watu wetu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha ikafungua tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi 10. Cheti kinachotokana na sampuli mbovu kitakataliwa mpakani siku mnunuzi atakapopima upya, na hasara hiyo itamwangukia mkulima wa Kongwa aliyeanika vizuri sawa na yule asiyeanika.

* * *

Mheshimiwa Mwenyekiti, ahsante kwa kunijibu. Umeuliza gharama hizi atazibeba nani, na ni swali la haki. Maoni yangu ni kwamba tupunguze idadi ya vipimo kabla ya kugawana bei yake. Kipima unyevu kitangulie mlangoni: mzigo unaozidi asilimia 13.5 urudishwe kuanikwa juu ya turubai, usipoteze hata kipimo kimoja cha sumukuvu. Unaopita hapo upimwe kwa mzigo, si kwa gunia, na mizigo ya vijiji tofauti isichanganywe hadi majibu yatoke. Ninalikazia sana hili la kuchanganya, kwa kuwa wapo wanaoamini kuwa mahindi mabovu yakimwagwa ndani ya mazuri yanakuwa salama. Yanachofanya ni kuondoa uwezo wetu wa kumtambua mkulima anayehitaji msaada, na kuyaharibia soko mahindi ya mwenzake.

Kwa mizigo inayokataliwa, tusiridhike kuona imetoka getini. Tunafahamu sote inakwenda wapi: inakobolewa, sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye pumba, na pumba zinakuwa chakula cha kuku na ng'ombe, na ng'ombe nao hutoa sehemu ya sumu hiyo kwenye maziwa yanayonywewa na watoto. Moto wa kupikia ugali hauiondoi. Kwa hiyo ningependa kuona kwenye mpango wako mahali ambapo mzigo uliokataliwa unapokelewa, unaandikwa, na kuamuliwa hatima yake mbele ya mkaguzi.

* * *

Ndugu uliyeuliza kwa niaba ya wakulima wa kijijini kwenu wasio na kipima unyevu: mnaweza kuanza na chumvi na chupa. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mjaze mahindi hadi theluthi moja, mtie vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, mtikise vizuri, muiache robo saa kisha mtikise tena. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Isipoganda, msidhani mmefika, maana kati ya 15 na 13.5 chupa haiwezi kuwaambia kitu. Ongezeni siku ya jua. Chambueni kwa mkono punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizooza, wala msizirudishe kwa mifugo. Mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa ni mizuri sana kwa mahindi makavu, kwa kuwa inawaua wadudu na kuwaepusha ninyi na dawa, lakini haiondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia, na mkifunga humo mahindi mabichi mtayakuta yamechacha.

Kwa msimu ujao, muulizeni afisa ugani kuhusu Aflasafe, iliyokwisha sajiliwa Tanzania na Kenya. Ni kuvu wa jamii ileile wasiotengeneza sumu, wanaomwagwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, kilo 10 kwa hekta, ili wawazibie nafasi wale wenye sumu. Udongo uwe na unyevu siku hiyo.

Fomu tunayoitumia ghalani kuandika sampuli ni ya ukurasa mmoja, na ghala lolote linaloihitaji nitalitumia. Mheshimiwa Mwenyekiti, kamati yako ikipenda kuona kazi ya bambo mlangoni, tunapokea mizigo kila asubuhi wakati wa mavuno, na nitafurahi kusimama nanyi tangu gunia la kwanza hadi majibu yatoke.