Kuomba advansi ya mshahara sh. 540,000, nikatwe miezi sita

Mbagala, 8 Novemba 2025

Shikamoo Mzee. Pole na majukumu ya dukani. Nimeona nikuandikie kwanza huku Watsapu maana mchana wateja wanakua wengi na mambo ya hela siwezi kuyaongelea pale kaunta mbele za watu, karatasi yenyewe ya kusaini ntakuletea Jumatatu asubuhi.

Mzee naomba advansi ya mshahara laki tano na arobaini (540,000). Ni kwa ajili ya kodi ya nyumba. Kodi yangu imeisha mwezi wa kumi, nalipa 120,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anapokea miezi sita kwa mkupuo, yaani 720,000, nimemuomba walau mitatu kakataa, anasema kuna mtu anavitaka vyumba na hela anayo mkononi. Kanipa mpaka tarehe 15. Mkononi nina 180,000 ya mchezo tunaocheza na majirani, iliyobaki ndo hiyo ninayokuomba.

Hela ya kodi nilikua naiweka Mzee, usione kama nimekaa tu. Mwezi wa nane mama alilazwa kule Korogwe, we mwenyewe uliniruhusu siku nne nikaenda, basi vipimo na dawa na nauli za kwenda na kurudi vikala kila kitu. Sasa hivi anaendelea vizuri, kaanza hata kwenda shamba.

Nimekaa nikapiga hesabu kabisa ili usiwe na wasiwasi. Mshahara wangu ni 600,000, inatoka NSSF 60,000 na kodi ya TRA 24,000, nabaki na 516,000 mkononi, na sina mkopo mwingine popote unaokatwa hapo. Makato naomba yaanze mwisho wa mwezi huu huu, nisikae na deni bure:

Novemba 2025: nikatwe 100,000, napokea 416,000, deni linabaki 440,000
Desemba 2025: nikatwe 100,000, napokea 416,000, linabaki 340,000
Januari 2026: nikatwe 40,000, napokea 476,000, linabaki 300,000
Februari 2026: nikatwe 100,000, napokea 416,000, linabaki 200,000
Machi 2026: nikatwe 100,000, napokea 416,000, linabaki 100,000
Aprili 2026: nikatwe 100,000, napokea 416,000, deni limeisha

Januari nimeomba iwe ndogo kwasababu mkubwa anaingia fom wani na mdogo anaanza darasa la kwanza, sare, viatu, madaftari, vyote kwa pamoja, na nikisema nikatwe laki mwezi huo ntakua nakudanganya tu alafu nije kukuomba tena katikati ya mwezi. Bora niseme ukweli mapema. Miezi mingine laki naiweza, nimeshakaa na mke wangu tukaangalia chakula na nauli ya kutoka Kongowe, inatosha.

Na kama kwa sasa dukani hela imebana, najua juzi umeshusha mzigo wa mabati, basi hata ukinipa 220,000 kabla ya tarehe 15 na 320,000 tarehe 30 inawezekana. Mwenye nyumba nimeshaongea nae, kakubali apokee laki nne kwanza na iliyobaki mwisho wa mwezi, makato yabaki vilevile kama nilivyoandika hapo juu.

Sijataka kwenda kwenye kausha damu Mzee. Shemeji yangu alichukua laki tatu tu, marejesho ya kila siku yakamshinda wakaja wakabeba friji na godoro watoto wanaangalia. Ndo maana nimekuja kwako.

Kwenye karatasi ntaandika kwa mkono wangu kwamba nimekubali kukatwa, maana sheria ya ajira ya 2004 inataka mfanyakazi akubali kwa maandishi ndo akatwe deni, kwahiyo na wewe unakua salama. Ntaandika pia kwamba ikitokea nimeacha kazi kabla ya Aprili, deni lililobaki likatwe kwenye stahiki zangu za mwisho. Kopi moja abaki nayo dada wa mahesabu, kila mwezi aandike kiasi alichokata na kilichobaki, wote tusaini.

Niko hapa stoo tangu 2021. Ile advansi ya 2023, 150,000, nilikatwa miezi miwili ikaisha na hatukuwahi kukumbushana. Naomba unijibu kabla ya Alhamisi ili nijue namwambia nini mwenye nyumba, na kama kuna kitu kwenye hesabu hakijakaa sawa niite tukae turekebishe.

Asante sana Mzee, msalimie na mama hapo nyumbani.

Wako,
Hamisi, stoo