Toleo 4.2: namba ya ankara sasa inatoka mwishoni, sio mwanzoni

Habari za kazi wateja wetu wa Mtwara na Lindi. Jumapili usiku tumeweka toleo jipya la programu yetu ya ankara, ukiifungua Jumatatu asubuhi litakuwa lishaingia lenyewe, huhitaji kudownlodi kitu.

Kubwa lililobadilika ni ankara. Zamani ukigusa tu "Ankara mpya" inapewa namba hapohapo, mteja akibadili mawazo unafuta, namba inapotea nayo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Masasi alituonyesha kitabu chake, 0317 kisha 0319, mhasibu wake anamuuliza 0318 iko wapi na kumbe ni fundi tu aliyesema anarudi na hela hakurudi. Kwa hiyo sasa ukianza kuandika inakaa kama "Rasimu", haina namba, ongeza mabati, punguza misumari, futa yote ukitaka. Namba inakuja ukibonyeza "Toa ankara", na hapo zinafuatana bila kuruka.

Ila ikishatoka ndo imetoka, huwezi kuihariri. Umekosea bei? Ifungue, bonyeza "Rekebisha", itatengeneza kredit noti ya kuifuta ile ya mwanzo kisha rasimu mpya yenye bidhaa zilezile, unarekebisha unaitoa tena. Najua ni hatua moja zaidi na kuna watakaolalamika, lakini mteja mwenye karatasi ya 450,000 mkononi wakati kwako inasoma 480,000 ni ugomvi mbaya zaidi.

VAT nayo tunaipiga kwa kila mstari badala ya jumla, ili bidhaa isiyotozwa ikae ankara moja na zinazotozwa. Utaona tofauti ya shilingi moja moja, usishtuke. Mfano bidhaa tatu tofauti za 2,525 kila moja: 18% ya mstari mmoja ni 454.50, inakuwa 455, mara tatu 1,365. Zamani tungepiga kwenye 7,575 ikaja 1,364. Kabla hujatoa ankara ya kwanza pitia orodha ya bidhaa zako uone kila moja imewekewa "Inatozwa" au "Haitozwi" sawasawa, maana tumeziacha zote "Inatozwa". Kama huna uhakika muulize mhasibu wako, sisi tusikudanganye.

Mtandao ukikata, rasimu unaandika kama kawaida, ila namba itasubiri mtandao urudi. Walioko vijijini Newala na Liwale hili litawagusa, mpe mteja nakala ya rasimu kwanza, imeandikwa "SIO ANKARA" kwa juu.

Ankara za zamani hatujazigusa, namba zake na mapengo yake yako vilevile. Na risiti ya EFD bado unatoa kwenye mashine yako, ankara yetu haichukui nafasi yake.

Ukikwama bonyeza "Msaada" chini kulia, tupo saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumamosi mwisho saa saba mchana.