Andalio la Somo: Usaili wa Kazi kwa Mafundi Majokofu

Darasa: Mwaka wa pili, majokofu na viyoyozi, chuo cha ufundi, Ilemela, Mwanza
Somo: Stadi za mawasiliano
Wanafunzi: 36, makundi 9 ya watu wanne wanne
Muda: Dakika 80, kuanzia saa 2:00 asubuhi
Walimu: Mwalimu wa mawasiliano na mwalimu wa karakana
Zana: Nakala za tangazo la kazi, daftari, saa ya ukutani, meza 9 (tano darasani, nne kwenye baraza la karakana ili sauti zisigongane)

Umahiri unaotarajiwa

Mwanafunzi aweze kujibu swali la usaili kwa kueleza kazi aliyoifanya mwenyewe, na aweze kumwambia mwenzake alichokiona na kukisikia katika usaili wake. Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo limepewa muda mrefu.

Tangazo litakalotumika

"Kiwanda cha minofu ya sangara kilichopo Mwanza kinahitaji fundi msaidizi wa majokofu. Atakagua vyumba vya baridi, atajaza daftari la jotoridi, atasafisha kondensa na kutoa taarifa ya hitilafu kwa fundi mkuu. Kazi ni ya zamu, pamoja na usiku. Waombaji wawe na cheti cha ufundi."

Tangazo ni la kubuni, ila kazi yenyewe wanafunzi wanaifahamu. Minofu iliyogandishwa hutunzwa kwenye nyuzi -18 za Selsiasi au chini ya hapo, kwa hiyo jopo lina haki ya kuuliza kwa ukali: ukikuta chumba kimepanda hadi -12 saa nane usiku, unaanzia wapi?

Utangulizi (dakika 10)

Walimu wawili tunaigiza swali moja, "Tueleze kuhusu wewe," mara mbili. Mwalimu wa karakana ndiye msailiwa. Jibu la kwanza:

"Mimi nimezaliwa Sengerema, ni mtoto wa tatu kati ya sita. Ni mchapakazi, mwaminifu na ninajituma."

Jibu la pili:

"Ninamalizia kozi ya majokofu na viyoyozi. Mafunzo kwa vitendo nilifanya karakana moja ya Igoma. Kulikuwa na friji ya duka inajaza barafu kwenye evapareta kila wiki. Nilikagua mlango nikakuta mpira umechanika, hewa yenye unyevu inaingia ndani. Tukabadilisha mpira, kisha nikarudi kupima jotoridi siku iliyofuata kuhakikisha limetulia."

Tusiwaambie lipi ni bora. Tuwaulize: kutokana na jibu la kwanza, unajua nini kuhusu huyu fundi? Na la pili? Wataje maneno yenyewe waliyoyasikia. Wakisema tu "la pili limenyooka", tuwarudishe kwenye maneno.

Kuandaa majibu (dakika 20)

Kila mmoja anaandika peke yake kwenye daftari. Maswali matano yawe ubaoni:

1. Tueleze kuhusu wewe.
2. Taja hitilafu uliyowahi kuitatua, na hatua ulizofuata.
3. Umekuta chumba cha baridi kimepanda joto usiku. Utafanya nini?
4. Ulishawahi kutofautiana na mtu kazini? Mliishaje?
5. Unatarajia mshahara gani?

Wengi watasema hawana uzoefu. Hapa mwalimu apite meza kwa meza na asikubali jibu hilo. Aliyekuwa akimsaidia mama yake kuuza dagaa Mwaloni Kirumba amehesabu fedha, amekabiliana na wateja wakorofi, na ameamka alfajiri kabla ya shule. Aliyekulia Ukerewe akisaidia kwenye mitumbwi anajua ahadi ya saa ni nini. Hayo yote ni majibu ya swali la nne na la kwanza. Yanahitaji tu kusemwa kwa mpangilio: ilikuwa wapi, tatizo lilikuwa nini, yeye alifanya nini, ikawaje. Waandike vidokezo tu. Anayeandika insha ataikariri, na jopo likibadilisha swali kidogo ataganda.

Swali la tatu mwalimu wa karakana alisimamie. Anatafuta mfuatano wa hatua: kuangalia kama mlango umefungwa vizuri, kama umeme upo, kama feni za evapareta zinazunguka na barafu haijazidi, kusikiliza kompresa, kumwita fundi mkuu mapema, kuandika kila kitu daftarini. Anayesema "naongeza gesi" kabla ya kupima chochote aulizwe amejuaje kwamba gesi imepungua.

Kwa mshahara, wafundishwe kuuliza kwanza kuhusu zamu na posho, halafu wataje kiwango walichokifikiria nyumbani. "Chochote mtakachonipa" tusilipitishe.

Jambo moja lisemwe wazi, hasa kwa ajili ya wasichana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, ndoa, dini, kabila au ulemavu, na inamlinda hata mwombaji wa kazi. Akiulizwa "Unatarajia kuolewa lini?" anaweza kujibu kwa adabu: "Naomba nieleze jinsi nilivyojipanga kufanya kazi za zamu."

Igizo (dakika 40)

Mizunguko minne ya dakika kumi: sita za usaili, nne za mrejesho. Wawili ni jopo, mmoja msailiwa, mmoja mtazamaji. Kila mzunguko wanabadilishana. Jopo lichague maswali matatu kati ya matano, na liulize swali moja la nyongeza kutokana na jibu walilolisikia. Swali moja waliulize kwa Kiingereza, maana majopo hufanya hivyo bila taarifa. Msailiwa ajibu kwa sentensi fupi anazozimudu.

Msailiwa abishe hodi, asalimie, asubiri kukaribishwa kukaa. Wengi wamelelewa kutomkazia macho mkubwa wao. Tusiwaambie kwamba hawajiamini. Wamwangalie muulizaji wanapoanza jibu na wanapolimaliza, inatosha. Lafudhi ya Kisukuma, Kikerewe au Kijita haisahihishwi kabisa.

Mrejesho

Mtazamaji anaandika maneno ya msailiwa kama yalivyotoka, wala hatoi alama. Muda wa usaili ukiisha, msailiwa anaanza: jibu gani ningelirudia, na kwa nini. Mtazamaji anafuata na mambo mawili, moja la kubaki nalo na moja la kubadilisha, kila moja likiwa na ushahidi. Mfano uwe ubaoni:

"Ulipoulizwa hitilafu, ulisema 'tulirekebisha' mara tatu. Sikujua wewe ulifanya nini."

Jopo linamalizia kwa sentensi moja: tungekuajiri kwa sababu gani, au tulikosa kusikia nini. "Umejitahidi" na "umefanya vizuri" hayakubaliki kama mrejesho, mwanafunzi akiishia hapo, mwalimu amuulize, "Wapi hasa?" Kicheko kikizuka kundini, mwalimu akae hapo hadi mzunguko uishe. Mwanafunzi aliyechekwa mbele ya wenzake atanyamaza hata mbele ya mwajiri, na tutakuwa tumemuumiza tuliyekuja kumsaidia.

Mwishoni mwa kila mzunguko, msailiwa aandike upya jibu moja, lile tu lililoguswa na mrejesho.

Kufunga na tathmini (dakika 10)

Wawili wanaojitolea wasome jibu la awali na jibu jipya. Daftari zote zikusanywe. Tunakagua mambo matatu: kuna kazi halisi iliyoelezwa? Nafsi ya kwanza ipo? Jibu jipya limefuata mrejesho?

Kazi ya nyumbani: kumuuliza mtu mmoja aliyeajiriwa, awe jirani au ndugu, swali lililomtatiza kwenye usaili wake. Maswali hayo ndiyo jopo litakayoyatumia Alhamisi, na makundi yatachanganywa upya.