Slaidi ya Tisa

Kikao cha bodi kilipangwa kuanza saa tatu asubuhi, na ilipotimia saa mbili Zuhura alikuwa peke yake katika chumba cha mikutano kwenye Barabara ya Nkrumah, akikagua wasilisho kwenye projekta. Alipofika slaidi ya tisa alisita. Chini ya kichwa "Gharama za Makontena Zimepungua", safu ya Juni ilikuwa fupi kuliko zote, ilhali wiki iliyotangulia ni yeye, mwanagenzi, aliyeingiza ankara za Juni za makontena yaliyokaa Kilindini kupita siku za bure, na rundo lake lilikuwa kubwa.

Alifungua Edit Links to Files akaona chanzo. Mtu alikuwa amebadilisha jina la folda, na grafu zote tano zilikuwa zimekatika na faili lake la Excel. Ubaya wa hitilafu ya namna hii ni kwamba grafu haipotei. Hubaki na takwimu za mwisho ilizozisoma, ikaonekana nzima machoni pa kila mtu. Alizielekeza moja moja kwenye faili sahihi kwa Change Source, na alipoihuisha ile ya slaidi ya tisa, safu ya Juni ilipanda ikazipita zote. Jumla ya robo ya pili, iliyosomeka shilingi milioni 4.1, sasa ilikuwa milioni 6.3, zaidi ya robo ya kwanza. Grafu ilikuwa imepona, lakini kichwa chake kilikuwa uongo.

Alimpigia simu meneja wa fedha, aliyekuwa bado ndani ya feri ya Likoni.

"Shikamoo, Bi. Mwanaisha."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Zuhura alimweleza. Upande wa pili ulisikika mvumo wa injini tu, kwa muda ulioonekana mrefu, kwa sababu kichwa kile kilikuwa kimeandikwa na mkurugenzi mkuu mwenyewe.

"Umelinganisha na ankara?"

"Moja baada ya nyingine. Ninazo hapa mezani."

"Basi andika zilivyo. Na usichape nakala mpaka mkurugenzi aione."

Mkurugenzi aliingia zikiwa zimesalia dakika ishirini, akasimama mbele ya maneno "Gharama za Makontena Zimepanda", akauliza ni nani aliyeyabadilisha.

"Ni mimi, mzee, kwa idhini ya Bi. Mwanaisha. Ankara ni hizi."

Alizipekua akiwa amesimama, kisha akavuta kiti, akazipekua upya kuanzia ya kwanza. Alipomaliza alimpigia simu ofisa wa bandarini na kumtaka afike kikaoni na orodha ya makontena yote yaliyochelewa na sababu ya kila moja, kwa kuwa bodi ingeuliza.

"Chapa nakala tisa," alimwambia Zuhura, "nawe ukae humu ndani, wakitaka kujua takwimu zimetoka wapi uwaeleze."