Hotuba ya Mwenyekiti kwa Wanachama Kuhusu Uchumaji wa Kahawa Mbivu, Lushoto

Ndugu wanachama, assalamu alaykum, na tumsifu Yesu Kristo.

Msimu umefika milimani kwetu Usambara, nami nawaomba kwa moyo wote kwamba mwaka huu tusichume isipokuwa matunda yaliyoiva na kuwa mekundu tunda zima. Tunda la kijani halijajaza punje wala halina utomvu wa kutosha, kwa hiyo mashine hulimenya kwa shida, na punje yake, hata ikikaushwa vizuri kichanjani, hutoa kikombe kikali chenye ladha ya majani. Waonjaji wa Moshi huitambua mara moja, na daraja la shehena yetu nzima hushuka kwa ajili ya debe moja la mwenzetu mmoja.

Najua ada za shule zinabana. Hata hivyo, rudini shambani kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na mlete kahawa siku ileile, kabla haijaanza kuchacha. Kuanzia Jumatatu, karani atakagua kila ndoo mizanini, na yenye mbichi itarudishwa ichambuliwe upya.